Tiketi ya mechi nne, moja ikifutwa: pesa ngapi inarudi?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, kwenye simu za wasikilizaji na hata barabarani nikiwa na mikrofoni mkononi: «Mukubwa, nimepari mechi nne, tatu zimepita, moja haikuchezwa. Wananidai nini, ama mimi ndiye ninawadai?» Kwa kuwa jibu lake ni refu kuliko dakika tatu ninazopewa hewani, naliandika hapa. Yeyote mwenye simu yenye kikokotoo ataweza kulifuata mwenyewe.

Nitatumia siku moja ambayo wapenzi wengi wa mpira hapa Goma wanaikumbuka. Ni Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024. Siku hiyo Everton walikuwa wawapokee Liverpool mapema, saa nane na nusu mchana kwa saa zetu. Lakini dhoruba waliyoiita Darragh ilikuwa inapiga Uingereza, na asubuhi ile ile ikatangazwa kwamba mechi haitachezwa kwa sababu ya usalama. Hapa kwetu jua lilikuwa linawaka, na vijana waliokuwa wamelipa kiti kwenye kibanda cha televisheni hawakuelewa upepo gani huo unaozuia mpira. Mechi zingine ziliendelea. Aston Villa waliifunga Southampton 1-0, Brentford wakaifunga Newcastle 4-2, na usiku Nottingham Forest wakaenda kuishinda Manchester United kwake 3-2.

Wiki iliyofuata nilikuwa Bulengo, kwenye kambi ya waliokimbia vita, kwa habari nyingine kabisa: maji. Nilipomaliza, kijana mmoja akanisogelea na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama yake alikuwa nyuma yake, amekasirika, na si kwa upole. Kijana alikuwa ameweka franka 5,000, wakati ule chini ya dola mbili, lakini kwa nyumba ya watu sita inayolala chini ya hema hiyo ni unga. Juu ya karatasi palikuwa na maandishi ya pesa anayoweza kushinda: franka 42,000. Mechi tatu zilikuwa zimempa haki. Ya Liverpool haikuchezwa. Alipokwenda kudai, mtu wa ofisi ya kupari akamhesabia 23,000. Kijana akazikataa, akitaka 42,000 zake. Mama alikuwa amefika pale akiamini mwanawe ameibiwa, tena akiwa tayari kwenda kupiga kelele kwenye mlango wa ofisi ile.

Wote wawili, kijana na mtu wa ofisi, walikuwa wamekosea. Lakini ili kuona walikosea wapi, lazima kwanza tuelewe tiketi ya namna hii inavyofanya kazi.

Karatasi ile ilikuwa kombine ya mechi nne. Koti zake, na hapa sisemi koti la kuvaa bali ile namba inayoandikwa kando ya kila mechi, nitaziweka kwa namba rahisi ili hesabu isitusumbue. Villa kushinda, 1.40. Brentford kushinda, 2.50. Liverpool kushinda, 1.50. Na kwenye mechi ya Manchester United na Forest, magoli zaidi ya 2.5, yaani matatu au zaidi, 1.60.

Watu wengi wanadhani kombine ni mapari manne madogo yaliyowekwa kwenye karatasi moja. Sivyo. Ni pari moja tu, ambayo pesa yake inatembea kutoka mechi hadi mechi. Iwaze kama mtu anayebeba noti zake kutoka nyumba ya kwanza hadi ya nne. Kila nyumba akishinda, anachukua vyote alivyopata pamoja na vile alivyoingia navyo, anaviweka tena vyote kwenye nyumba inayofuata. Akishindwa nyumba moja, anatoka mikono mitupu, na zile zilizobaki hazina maana tena.

Sasa tutembee naye. Anaingia kwa Villa na 5,000. Koti ni 1.40, kwa hiyo anatoka na 7,000. Hizo 7,000 zote anazipeleka Brentford, kwa 2.50, anatoka na 17,500. Kama Liverpool wangecheza na kushinda, hizo 17,500 zingezidishwa kwa 1.50 na kuwa 26,250. Mwisho, kwa magoli ya Manchester, 26,250 mara 1.60 ni 42,000. Ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Hakuna uongo ndani yake, ila ilikuwa namba ya siku ambayo mechi zote nne zinachezwa na zote nne zinapita.

Lakini mlango wa Everton na Liverpool ulikuwa umefungwa. Mtu wetu anafika na 17,500 zake, anakuta hakuna mchezo. Hajashinda, lakini pia hajashindwa. Anafanya nini? Anapita tu na pesa ile ile aliyokuja nayo, 17,500, hadi mlango unaofuata. Kwa hesabu, kupita bila kuongeza wala kupunguza ni kuzidisha kwa 1. Ndiyo sababu ofisi zote za kupari, za hapa na za mbali, mechi ikifutwa zinaipa koti ya 1.00. Kisha anaendelea: 17,500 mara 1.60 ni 28,000.

Ukitaka kuifanya kwa mara moja kwenye simu, andika hivi:

```
5000 × 1.40 × 2.50 × 1.00 × 1.60 = 28000
```

Hiyo 28,000 ndiyo pesa yote inayorudi. Faida ni kitu kingine: toa mize, yaani zile 5,000 ulizoweka mwenyewe, ubaki na 23,000.

Hapo ndipo mama yule alipoacha kunitazama mimi akamgeukia mwanawe. «Kwa hiyo walitaka kukupa faida, na pesa yetu wabaki nayo?» Ndiyo, ilikuwa hivyo hasa. Mtu wa ofisi alikuwa ameona kwenye mashine yake namba mbili, jumla na faida, akachukua ile ndogo. Iwe ni haraka, iwe ni kitu kingine, sijui, na sitamhukumu. Lakini tofauti ni 5,000 kamili, sawa na mize, na hiyo ndiyo alama ya kulitambua kosa hili. Ukiona pesa uliyopewa inapungukiwa na hesabu yako kwa kiasi kilekile ulichoweka, mtu amekulipa faida bila kukurudishia mize.

Watu huuliza kwa nini mize iwe ndani ya jumla. Ni kwa sababu koti za namna tunayotumia hapa zinahesabu mize tayari. Ukiweka 1,000 kwa koti ya 1.40 na ukashinda, unarudi na 1,400: elfu yako na 400 za faida. Huna haki ya kudai 1,400 halafu tena 1,000 juu yake, na ofisi nayo haina haki ya kukupa 400 peke yake. Nimeshakutana na wanaodai kwa njia ya kwanza, tena kwa sauti kubwa.

Kijana naye hakutaka kuziacha zile 42,000. Alisema mechi haikuchezwa kwa kosa la upepo, si kwa kosa lake. Nilimwuliza: kama mechi ile ingechezwa na Liverpool wangeshindwa kuifunga Everton, ungepata ngapi? Akanyamaza, kwa sababu jibu alilijua: sifuri. Koti ya 1.50 ni malipo ya kukubali hatari hiyo. Hatari ikiondolewa, na malipo yake yanaondoka. Tena, mechi ile ilikuja kuchezwa tarehe 12 Februari 2025 na ikaisha 2-2. Tiketi ya Liverpool kushinda ingekufa pale pale, pamoja na zile mechi tatu nzuri.

Kuna rafiki yake aliyekuwa amesimama pembeni, akaleta hesabu yake: mechi moja kati ya nne imefutwa, basi pesa ipungue robo, ibaki 31,500. Inasikika kama haki, lakini si hesabu ya kombine. Mwingine akasema atoe 1.50 kwenye koti ya jumla. Koti ya jumla ilikuwa 8.40, ukitoa 1.50 inabaki 6.90, na mara 5,000 ni 34,500. Hiyo pia siyo. Koti zimeunganishwa kwa kuzidisha, kwa hiyo unayoiondoa unaiondoa kwa kugawanya: 8.40 gawanya kwa 1.50 ni 5.60, na 5.60 mara 5,000 ni 28,000. Njia hii ya kugawanya naipenda, maana inakusaidia kuangalia kama hukukosea njiani. Chukua namba kubwa iliyoandikwa kwenye karatasi, igawanye kwa koti ya mechi iliyofutwa, nawe unapata kinachobaki. Arobaini na mbili elfu kwa 1.50, ishirini na nane elfu. Njia mbili zikikupa jibu moja, nenda dirishani bila woga.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni: si mechi zote zikifutwa zinakupunguzia sawa. Kama dhoruba ingeizuia Brentford badala ya Liverpool, tungegawanya 42,000 kwa 2.50, na kijana angebaki na 16,800 tu, faida 11,800. Ingekuwa Villa, angebaki na 30,000. Mechi yenye koti kubwa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya namba ile ya kuvutia, na ikitoka inaondoka na mzigo wake. Ndiyo maana watu wawili wenye tiketi za mechi nne, kila mmoja amefutiwa moja, wanaweza kulipwa pesa tofauti kabisa bila yeyote kudanganywa.

Sasa neno juu ya lini mechi inahesabika kuwa imefutwa, kwa maana hapa ndipo ugomvi wa kweli unapozaliwa. Mechi kuahirishwa hakutoshi. Kila kampuni ina sharti lake la muda: nyingine inasubiri mpaka mwisho wa siku inayofuata, nyingine saa 48, nyingine zaidi. Mechi ikichezwa ndani ya muda huo, pari yako bado iko hai na koti yake inabaki ileile. Ikipita muda, inafutwa na kuwa 1.00. Ya Everton na Liverpool ilikaa zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo haikuwa na mjadala. Lakini mechi iliyosogezwa kutoka Jumamosi jioni hadi Jumapili mchana kwa sababu ya mvua ni jambo lingine, na usiende kudai kabla hujajua sharti la ofisi yako. Linaandikwa kwenye kanuni zao, mara nyingi kwa herufi ndogo na kwa Kifaransa, au kwenye tovuti. Mwombe mtu wa ofisi akuonyeshe kwa kidole mstari wenyewe. Ni haki yako.

Mechi inayokatizwa katikati inachanganya zaidi. Tarehe 16 Desemba 2023, Bournemouth na Luton walikuwa 1-1 dakika ya 59 wakati nahodha wa Luton, Tom Lockyer, alipoanguka uwanjani kwa tatizo la moyo. Alipona, namshukuru Mungu. Mechi ilisimamishwa, na Machi 2024 ikachezwa upya tangu dakika ya kwanza, Bournemouth wakashinda 4-3. Kwa kawaida ya kampuni nyingi, aliyepari nani atashinda siku ile ya Desemba alifutiwa, maana mechi haikufika mwisho. Lakini aliyepari timu gani itafunga goli la kwanza alikuwa na jibu tayari, kwa sababu Luton walifunga mapema na jambo hilo halikuweza kubadilika tena. Kwa hiyo katika mechi moja iliyokatizwa, pari moja inaweza kufutwa na nyingine ikahesabiwa. Usiseme tu «mechi imefutwa». Tazama ulipari nini ndani yake.

Njia rahisi ya kujua ofisi imeamua nini ni kuangalia tiketi yenyewe kwenye simu au kuomba ichapishwe tena. Kando ya mechi iliyofutwa utaona `Annulé` au `Remboursé`, kwenye tovuti za Kiingereza `Void`, na koti imebadilika kuwa `1.00`. Kama bado inaonyesha koti ya zamani na neno la kusubiri, basi haijaamuliwa, na hakuna mtu anayeweza kukulipa. Kama inaonyesha umepoteza, na wewe una uhakika mechi haikuchezwa, hapo ndipo pa kulalamika, na usiache karatasi yako mikononi mwao kabla hujaipiga picha. Wasikilizaji wangu wengi waliopoteza kesi hizi hawakupoteza kwa hesabu, walipoteza kwa kuacha tiketi dirishani.

Jambo moja nilimwambia kijana wazi, kwa sababu niliona ameanza kufurahi kupita kiasi: mechi iliyofutwa haikingi zile zingine. Kama Brentford wangefungwa siku ile, asingerudishiwa hata franka moja, ingawa ya Liverpool ilifutwa. Kurudishiwa mize peke yake, 5,000 kamili, kunatokea tu kama zote nne zimefutwa, ambapo unazidisha 1.00 mara nne. Kuna pia wanaoamini kwamba ikifutwa moja tiketi yote inafutwa. Sivyo; kombine ya nne inageuka kombine ya tatu na safari inaendelea.

Ofisi nyingine zinaongeza bonasi kwa kombine yenye mechi nyingi. Bonasi hiyo inafuata idadi ya mechi zilizobaki hai, kwa hiyo ukishuka kutoka nne hadi tatu inaweza kupungua au kutoweka. Ikiwa karatasi yako ilikuwa na bonasi, namba kubwa ya juu inaibeba ndani, na kugawanya kwa koti hakutakupa jibu sahihi. Anza upya: mize mara koti zilizobaki, halafu ongeza bonasi ya mechi tatu kama ipo.

Mama yule na mwanawe walirudi ofisini siku ya pili, na safari hii hawakwenda kudai 42,000. Walipeleka karatasi, na nyuma yake niliwaandikia ile hesabu ya mstari mmoja. Walilipwa 28,000. Mama alinipigia kuniambia, kisha akaongeza kwamba zile 5,000 za kwanza hazikuwa za mwanawe, zilikuwa zake, za unga, na kwamba kwa hiyo zote 28,000 sasa ziko kwake. Kijana, nasikia, hakupinga.

Nimalizie na swali lililonijia baada ya kulitaja jambo hili redioni. Msikilizaji wa Sake alikuwa na tiketi ya siku ile ile, 5,000, yenye Villa 1.40, Brentford 2.50, Liverpool 1.50, na Manchester City dhidi ya Crystal Palace kwa pari ile ya kurudishiwa ikiwa sare. City walitoka 2-2. Aliniuliza kama sare imemuua. Haikumuua: kwa pari ya namna hiyo, sare ni sawa na kufutwa, koti inakuwa 1.00. Kwa hiyo alikuwa na mechi mbili zilizofutwa kwenye tiketi moja, na zimebaki mbili tu zinazozidisha: 5,000 mara 1.40 mara 2.50, ni 17,500. Faida yake ni 12,500, na koti ya City hata haihitaji kujulikana.